Mdogo wangu anaomba vyuo vitatu: nianzie karatasi gani?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye ninayemlea mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 17 na anamaliza shule mwaka huu. Anataka kuomba vyuo vitatu: kimoja kina mtihani wake wa kuingilia, kingine kinataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na cha tatu kina ufadhili wenye fomu zake. Kila kimoja kina tarehe yake na orodha yake ya nyaraka. Nimeziandika zote kwenye daftari, chuo kimoja ukurasa mmoja, lakini bado naona tunazama. Nianzie wapi, na nimwachie yeye nini?"*

Marahaba, dada. Anza kwa kulipanga upya hilo daftari. Ukurasa wa kila chuo unakuonyesha chuo kinataka nini, ila haukuonyeshi karatasi hiyo inatoka kwa nani, na hapo ndipo watu wanapokwama. Chukua orodha zote tatu, zichanganye, kisha uzigawe kufuatana na mkono unaozitoa. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo tayari mnavyo nyumbani. La pili ni vile ambavyo kijana anaviandaa mwenyewe, kama insha na fomu. La tatu ni vile vinavyotoka kwa watu wengine: ofisi ya vizazi na vifo, idara ya uhamiaji, shule, baraza la mitihani, mwalimu wa kumwandikia barua, kituo cha mtihani.

Fungu la tatu ndilo linalokosesha watu vyuo. Insha mnaweza kuimaliza kwa usiku mmoja mkilazimika, lakini pasipoti haiharakishwi kwa kukesha. Tarehe ya mwisho ya maombi imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye karatasi zake zote ziko mezani. Kwa asiyekuwa nazo, tarehe yake halisi iko nyuma zaidi, na kazi yako kama mlezi ni kuitafuta.

Basi tuhesabu pamoja, tukianza na kile chuo cha IELTS kwa sababu ndicho chenye mnyororo mrefu. Tuseme maombi yanafungwa tarehe 30 Novemba. Kwanza jiwekeeni tarehe yenu wenyewe, wiki moja kabla, yaani tarehe 23. Siku ya mwisho mifumo huelemewa na malipo yanaweza kuchukua muda kuonekana, na ukikwama usiku wa tarehe 30 hakuna wa kukupokelea simu.

Sasa rudi nyuma. Tarehe 23 Novemba matokeo ya IELTS yanapaswa yawe yameshatoka, maana chuo kinataka alama, na kuwa na miadi ya kufanya mtihani hakutoshi. Mpe kijana nafasi ya kuurudia mara moja asipofikisha alama. Huo mtihani wa pili usizidi tarehe 24 Oktoba, ili kuwe na muda wa matokeo kutoka na kufika. Ili awe na mwezi mzima wa kurekebisha udhaifu wake katikati, mtihani wa kwanza uwe karibu na tarehe 12 Septemba. Nafasi za vituo vizuri hujaa mapema, kwa hiyo kujiandikisha kufanyike mwanzoni mwa Agosti. Kujiandikisha kunahitaji kitambulisho, na kijana wa miaka 17 mara nyingi hana kitambulisho cha taifa, kwa hiyo ni pasipoti. Pasipoti iwe mkononi tarehe 1 Agosti.

Nenda au piga simu uulize pasipoti inachukua muda gani kwenu. Tuseme wanakwambia wiki sita. Basi maombi ya pasipoti yawe yameingia tarehe 20 Juni. Maombi ya pasipoti nayo yanataka cheti cha kuzaliwa, unakitoa sandukuni na kukuta herufi moja ya jina la baba imekosewa. Kukirekebisha, tuseme, ni wiki nne. Hapo umeshafika tarehe 23 Mei. Chuo kimeandika Novemba, nyinyi kazi yenu ya kwanza ni ya Mei, tena ni kwenda ofisi ambayo haitajwi popote kwenye ukurasa wa chuo.

Muda wa wiki sita na wiki nne nimeuweka kwa mfano. Weka wa kwenu baada ya kuuliza. Lakini utaratibu ni huohuo kwa kila karatasi ya fungu la tatu: uliza "ili niipate hii, wananidai nini kwanza?" na uendelee kuuliza hivyo hadi ufike kwenye kitu ambacho mnacho tayari. Andika tarehe ya kila hatua. Mnyororo mrefu kuliko yote ndio unaoanza nao kesho asubuhi, hata kama chuo hicho ndicho kinachofunga mwisho.

Na kama umehesabu ukakuta mwanzo wa mnyororo umeshapita? Usiache kuomba. Angalia kipi kinaweza kukatwa. Cha kwanza kukatwa ni ile nafasi ya kurudia mtihani. Inauma, lakini inawarudishia wiki sita. Cha pili, soma masharti ya chuo uone kama alama za lugha lazima ziambatane na maombi. Vyuo vingi, hasa vya Uingereza, hutoa nafasi yenye masharti: mwanafunzi anakubaliwa kwanza, kisha analeta alama baadaye kabla ya tarehe nyingine waliyoiweka. Kama chuo chenu kiko hivyo, mnyororo wote wa IELTS unasogea mbele na mnapumua. Cha tatu, kiulize kituo cha mtihani kinapokea vitambulisho gani kwa mtu wa umri wake. Kitambulisho atakachojiandikishia ndicho hichohicho atakachokuja nacho siku ya mtihani, kwa hiyo asijiandikishe kwa kimoja akitegemea kuja na kingine.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuwahi mno. Alama za IELTS, kama za mtihani mwenzake wa TOEFL, hukubaliwa kwa miaka 2 tangu siku ya mtihani. Kijana anayefanya mapema sana, kisha akaahirisha kuomba mwaka mmoja na mwingine, anaweza kujikuta ana alama nzuri zilizokwisha muda.

Sasa nikueleze jambo ambalo naliona kila msimu na linaniumiza kuliko yote, kwa sababu halihusiani na akili ya mtoto hata kidogo. Ni majina.

Leo jioni panga mezani karatasi zote za mdogo wako zenye jina: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi ya shule, pasipoti kama ipo, matokeo ya mitihani. Soma jina herufi kwa herufi, usilisome kwa mazoea. Tuseme cheti cha kuzaliwa kinasema Hassani Omari Juma, cheti cha shule kinasema Hassan O. Juma, na kwenye maombi ya mtandaoni kijana mwenyewe amejaza Hassan Omary. Nyumbani huyo ni mtu mmoja. Kwa msimamizi wa mtihani mlangoni, au kwa karani wa udahili aliyeko mbali ambaye hajawahi kumwona, hao ni watu watatu. Msimamizi ana ruhusa ya kumrudisha mtu ambaye jina la kitambulisho halilingani na la usajili, na ada mara nyingi hairudi.

Dawa yake ni kuchagua karatasi moja iwe mama wa jina, na nyingine zote zifuate. Kwa anayeomba nje au anayefanya mtihani wa kimataifa, mama wa jina ni pasipoti. Ikishatoka, fungua ukurasa wenye picha utazame mistari miwili ya chini kabisa, ile yenye alama nyingi za mshale. Hapo, baada ya herufi za mwanzo za aina ya pasipoti na za nchi, jina limepangwa hivi:

```
JUMA<<HASSANI<OMARI
```

Kilichotangulia kabla ya mishale miwili ni jina la ukoo. Vinavyofuata ni majina ya kwanza, yakitenganishwa na mshale mmoja mmoja. Fomu inapouliza jina la ukoo, jaza kilichoko kushoto kwa mishale miwili. Inapouliza majina mengine, jaza yaliyoko kulia, yote, kwa mpangilio huohuo. Msibishane nyumbani kuhusu lipi hasa ni jina la ukoo. Mashine za mpakani zinasoma mstari huo, na ninyi usomeni huohuo.

Ndiyo maana nasisitiza cheti cha kuzaliwa kikaguliwe kabla ya maombi ya pasipoti. Kosa likiingia kwenye pasipoti, linasambaa kwenye usajili wa mtihani, kwenye matokeo, kwenye barua ya udahili na hatimaye kwenye viza. Cheti cha shule chenye ufupisho wa "O." badala ya Omari huwa si tatizo kubwa, lakini herufi tofauti au jina linalokosekana ni tatizo. Hapo kuna njia mbili. Ama shule au baraza la mitihani lirekebishe cheti, jambo linaloweza kuchukua muda mrefu, ama mle kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kabla ya kulipia kiapo, kijana akiandikie chuo aulize kama wanakipokea. Jibu walitoe kwa maandishi, nanyi mlitunze.

Sasa suala linalokuhusu wewe mwenyewe. Umeandika kwamba ndiwe unayemlea. Mdogo wako ana miaka 17, na fomu zitakuwa na mahali pa sahihi ya mzazi au mlezi wa kisheria. Kumlisha, kumvisha na kumlipia ada hakukufanyi mlezi wa kisheria mbele ya chuo au mfadhili. Mlezi wa kisheria ni yule mwenye karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo ni amri ya mahakama. Naliandika hili nikijua linaweza kukukera, maana umebeba mzigo wote. Lakini bora likukere leo kuliko fomu ya ufadhili irudishwe wakati dirisha limeshafungwa.

Kwa hiyo tazama kwanza tarehe ya kuzaliwa kwake. Kama anatimiza miaka 18 kabla ya siku ya kutuma maombi, sehemu kubwa ya tatizo inaondoka: kwa vyuo vingi atajiwekea sahihi mwenyewe. Kama bado, na mzazi mmoja yuko hai hata akiwa mbali, fomu ziende kwake mapema, asaini, azirudishe. Hiyo iingie kwenye hesabu ya tarehe kama karatasi nyingine yoyote ya fungu la tatu. Kama wazazi wote wamefariki, utahitaji vyeti vya vifo, na pengine amri ya mahakama ya kukutambua kama mlezi. Mahakama ina kalenda yake. Nenda ukaulize wiki hii hii, hata kama hujui bado fomu itadai nini.

Fomu ya ufadhili ina swali jingine gumu: kipato cha nani? Wafadhili wengine wanataka kipato cha wazazi tu, wengine cha kaya anamoishi mwombaji, kwa hiyo mshahara wako unaweza kuhesabiwa au usihesabiwe. Usikisie, wala usiache wazi. Kijana aandike barua fupi aulize: "Naishi na dada yangu, wazazi wangu hawapo, nijaze kipato cha nani na niambatanishe uthibitisho gani?" Ofisi za ufadhili hulipokea swali hili mara nyingi, na wana utaratibu wake. Na uwe macho: tarehe ya mwisho ya ufadhili mara nyingi hutangulia ile ya udahili wa chuo hichohicho. Watu husoma tarehe ya chuo, wakatulia, kumbe mlango wa fedha umefungwa wiki kadhaa kabla.

Upande wa pili wa umri ni huu. Akishafikisha miaka 18, ofisi nyingi za udahili hazitazungumza nawe tena juu ya faili lake hadi yeye aridhie. Msilichukulie kama dharau. UCAS, ambao ndio mfumo wa maombi ya vyuo vya Uingereza, una mahali ndani ya fomu ambapo mwombaji anamtaja mtu mmoja anayeruhusiwa kusema kwa niaba yake. Kwenye mifumo isiyo na sehemu hiyo, kijana aandike barua pepe ya ridhaa mapema, kabla hamjaihitaji.

Kuhusu ule mtihani wa kuingilia wa chuo cha kwanza, hatari yake ni tofauti na ya IELTS. Mtihani wa chuo chenyewe kwa kawaida una siku moja tu, hauna kurudia, na kujiandikisha kwake hufungwa mapema kuliko maombi yenyewe. Tafuta tarehe tatu, usitafute moja: ya kujiandikisha, ya kupakua kadi ya kuingilia, na ya mtihani. Ziweke juu ya ratiba ya mitihani yake ya shule uone kama zinagongana. Zikigongana, andikeni chuoni siku hiyohiyo mkiambatanisha ratiba ya shule yenye mhuri. Wakati mwingine wana siku mbadala, lakini hutolewa kwa aliyeomba mapema. Kadi ikishatoka, isomeni wote wawili kwa sauti: jina, picha, kituo, chumba, saa ya kuripoti. Saa ya kuripoti na saa ya kuanza ni vitu viwili, na mlango hufungwa kwa kufuata ile ya kwanza.

Nikiwa kwenye saa, kuna mtego kwenye tarehe za vyuo vya mbali. Tarehe bila saa na bila eneo la saa haijakamilika. UCAS hufunga saa 18:00 ya Uingereza. Kama mnaishi saa tatu mbele ya saa ya Griniwichi, basi mwezi Januari hiyo ni saa tatu usiku kwenu. Lakini katikati ya Oktoba, wakati Uingereza bado imesogeza saa zake mbele, ni saa mbili usiku. Chuo kinachofunga saa 23:59 kwa saa za Nyuyoki mwishoni mwa Novemba, kwenu ni karibu saa mbili asubuhi ya siku inayofuata. Andika kwenye kalenda saa ya kwenu tu, ukishaigeuza mara moja na kuihakiki. Halafu soma kitenzi: wamesema "zitumwe" au "zipokelewe"? Kama ni kupokelewa, bahasha ya shule iliyoko njiani haihesabiki.

Barua za walimu ziombwe mapema, angalau wiki sita kabla ya tarehe yenu, na aombe kijana mwenyewe. Ampe mwalimu karatasi moja: majina ya vyuo, tarehe zilizogeuzwa, anachotaka kusomea, na mambo mawili au matatu aliyofanya darasani kwa mwalimu huyo. Kwenye mifumo mingi chuo humtumia mwalimu kiungo kwenye barua pepe yake, na kiungo hicho huangukia kwenye folda ya barua taka. Siku mbili baada ya kuweka anwani ya mwalimu, kijana amuulize kwa upole kama kimefika. Angalia pia shule inafungwa lini. Mwalimu aliyekwenda likizo huenda hafungui barua pepe ya shule, na ofisi yenye mhuri itakuwa na kufuli.

Kwenye kuskani sitakaa sana. Pembe zote nne zionekane, mhuri usomeke, nyuma ya cheti pia kama pana maandishi. Kila faili ipewe jina linaloeleweka, kama `JUMA_Hassani_cheti_kuzaliwa.pdf`, na ihifadhiwe mahali pawili. Pakieni mapema mjue ukubwa unaoruhusiwa, maana mfumo unaokataa faili kubwa hautawaambia hivyo mpaka mjaribu. Kama karatasi haiko kwenye lugha inayokubaliwa na chuo, tafsiri ya mtafsiri anayetambulika inaingia fungu la tatu. Vilevile nakala zilizothibitishwa: baadhi ya taasisi hukataa uthibitisho wa zamani, kwa hiyo msithibitishe vyote mwanzoni mwa mwaka.

Sasa nini umwachie yeye. Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe yake na simu yake, si zako. Nimeona walezi wengi wenye nia njema wakitumia barua pepe zao, kisha chuo kinatuma mwaliko wa usaili saa mlezi yuko kazini, kijana hajui lolote. Namba ya siri ni yake; nakala yake iwe kwenye bahasha mnayojua wote ilipo. Insha aandike yeye, wewe usome na kuuliza maswali tu: "hapa unamaanisha nini?" Ukiandika wewe, itasikika kama mtu mzima anayemsifu mdogo wake, na wasomaji wa udahili wanazijua insha hizo. Kuomba barua, kuuliza maswali chuoni, kubonyeza kitufe cha kutuma, yote ni yake.

Wewe shika kalenda, malipo, na safari za ofisini ambako kijana wa miaka 17 ataambiwa "rudi na mkubwa wako". Mkae pamoja siku moja kila wiki, dakika ishirini zinatosha, mkiwa na ile orodha ya fungu la tatu. Kwa kila karatasi jiulizeni mambo mawili tu: sasa hivi iko mikononi mwa nani, na tumfuatilie siku gani? Usigeuze kikao hicho kuwa cha kumkagua masomo. Akianza kukiogopa, ataanza kukuficha mambo, na kitu cha kwanza kufichwa huwa ni barua pepe ya chuo ambayo hakuielewa.

Mkishatuma, kazi haijaisha. Hifadhini risiti na namba ya maombi. Vyuo vingi humfungulia mwombaji ukurasa unaoonyesha kila karatasi na hali yake, imepokelewa au bado. Ukurasa huo uangaliwe mara mbili kwa wiki, pamoja na folda ya barua taka. Karatasi ikiendelea kuonyesha haijafika baada ya siku kumi za kazi, andikeni, mkiambatanisha ushahidi wa siku mliyotuma.

Na ikitokea kweli karatasi moja haitawahi, aandike kabla ya tarehe kupita. Maneno yawe machache, bila kulia shida:

"Jina langu ni Hassani Omari Juma, namba ya maombi ni hii. Nyaraka zote nimewasilisha isipokuwa cheti cha matokeo, ambacho baraza la mitihani limeniandikia kitatolewa tarehe 9 Desemba. Naambatanisha barua yao. Naomba kujua kama mtakipokea tarehe hiyo, au kama kuna karatasi ya muda mnayoikubali."

Barua ya namna hii, ikiwa na ushahidi na tarehe kamili, inamrahisishia karani kuamua. Itumwe kutoka barua pepe ya kijana, jina lake likiwa kama lilivyo kwenye pasipoti.